Rezista ya LED kwenye betri ya sola: piga hesabu kwa volti 14.4, si 12

Betri ya asidi iliyoandikwa volti 12 ni nadra kukupa volti 12 kamili. Jua likiwa kali na betri inachajiwa, mita inasoma hadi 14.4. Ikikaribia kuisha usiku huku taa zinawaka, inashuka kwenye 11.5 hivi. Ukichagua rezista ya LED kwa kutumia ile 12 ya kwenye kibandiko, hesabu yako itakuwa sahihi kwenye karatasi na LED itazidiwa kila mchana.

LED haifanyi kazi kama balbu ya zamani. Nyekundu ikishafika kama volti 2, au nyeupe kama volti 3.1, haitaki kupanda tena. Ukiisukuma volti kidogo tu za ziada, mkondo unaruka mara kadhaa. Rezista iko pale kubeba volti zote ambazo LED haizihitaji, na ukubwa wake ndio unaoamua mkondo:

```
R = (V - Vled) / I
```

V ni volti za betri, Vled ni za LED, na I ni mkondo kwa ampia. LED ndogo za milimita 5 nyingi zina kikomo cha miliampia 20. Mimi huzipangia 15, yaani 0.015 kwenye hesabu. Jicho halioni tofauti kubwa kati ya 15 na 20, lakini LED inakaa na joto kidogo na inadumu.

Tuanze na LED moja nyekundu ya kuonyesha kwamba mfumo umewashwa. Kwa volti 12 inabaki 10 ya kugawa kwa 0.015, jibu ni omu 667, na dukani utapewa 680. Mchana betri inapofika 14.4, rezista hiyo hiyo inabebeshwa volti 12.4 na mkondo unakuwa miliampia 18. Bado haijaungua, lakini ile nafasi uliyodhani umeiacha imekaribia kwisha. Rudia hesabu kwa 14.4: 12.4 gawa kwa 0.015 ni omu 827.

Rezista ya omu 827 hakuna. Zinazopatikana kirahisi zinafuata ngazi ya 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha inajirudia kwa makumi, mamia na maelfu. Kila hatua inazidi iliyotangulia kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo 827 yetu imekaa kati ya 820 na 1,000. Mazoea ni kupanda juu, na ukiwa na shaka fanya hivyo. Hapa lakini 820 iko jirani kabisa, inatoa miliampia 15.1. Hata rezista yenye mstari wa dhahabu, inayoweza kupungua kwa asilimia 5, itafikisha 15.9 tu. Chukua 820. Kama ungekuwa umepanga miliampia 20 tangu mwanzo, kushuka chini hivyo kungekuwa kosa, kwa sababu hukuacha pa kupumulia.

Wengi huishia hapo na kusahau wati. Volti 12.4 mara 0.0151 ni wati 0.19, na rezista ndogo ya kawaida ni ya robo wati, 0.25. Inatosha kwa maandishi, ila ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa itakuwa moto wa kuunguza kidole, na baada ya miezi mwili wake unageuka rangi. Napenda rezista isibebe zaidi ya nusu au zaidi kidogo ya kile ilichoandikiwa. Tumia ya nusu wati, au kama hunayo, unga mbili za omu 470 kwa mfululizo. Unapata 940, mkondo wa miliampia 13, na kila moja inabeba wati 0.08 tu.

Taa nyeupe zinaleta swali jingine: uunge ngapi kwa mfululizo? Kishawishi ni kuweka tatu, maana 3.1 mara tatu ni 9.3 na umeme mdogo unapotea kwenye rezista. Kwa 14.4 inabaki 5.1, hesabu inaleta omu 340, unachukua 330 na kupata miliampia 15.5. Sasa angalia betri ikiwa 11.5: kwa rezista imebaki volti 2.2 tu, na mkondo umeanguka hadi 6.7. Mwanga umepungua kwa zaidi ya nusu, tena saa zile zile unazouhitaji. Ukiunga mbili, inabaki 8.2, jibu ni 547, unachukua 560. Mchana ni miliampia 14.6, usiku wa mwisho ni 9.5. Rezista inapoteza umeme zaidi, ni kweli, lakini taa inatulia. Ukikuta taa inayong'aa vizuri wakati wa kuchaji na kufifia jioni, fungua uhesabu; mara nyingi fundi ameweka nne.

Ukitaka taa nyingi, ongeza jozi, na kila jozi iwe na rezista yake. Kuziunga LED sambamba chini ya rezista moja ni kuzigombanisha. Hazilingani kamwe, ile yenye volti ndogo kidogo inavuta mkondo mwingi, inapata joto, na joto linashusha volti zake zaidi, kwa hiyo inazidi kuvuta. Ikifa, zilizobaki zinagawana mzigo wake. Na LED kubwa za wati moja, zinazokula kama miliampia 350, usizifanyie hesabu hii kwenye betri. Rezista itageuka jiko. Hizo zina saketi yake maalumu ya kudhibiti mkondo.

Kama LED haina maelezo, usikisie volti zake kwa rangi pekee. Iunge na rezista ya omu 1,000 kwenye betri, kisha weka ncha za mita kwenye miguu miwili ya LED usome. Kipimo cha diodi kwenye mita nyingi za bei ndogo hakiwezi kuiwasha nyeupe, kwa hiyo usiihukumu kuwa imekufa.

Kabla ya kulehemu, pima na rezista yenyewe. Mistari ya rangi ya 560 ni kijani, buluu, kahawia. Mstari wa tatu ukiwa mweusi ni 56, ukiwa mwekundu ni 5,600. Kwenye mwanga hafifu kahawia na nyekundu hufanana mno. Ukiweka 5,600 taa itakuwa kama kimulimuli, miliampia moja na nusu. Ukiweka 56, karibu miliampia 150 zitapita na LED itakufa papo hapo.

Ukishawasha, huhitaji kukata waya ili kujua mkondo. Pima volti kwenye miguu miwili ya rezista na ugawe kwa omu zake: ukisoma 8.2 juu ya 560, ni miliampia 14.6. Fanya hivyo saa saba mchana, jua likiwa limepamba moto na betri ikichajiwa.