Programu zilizokuja na simu: nini kinatoka, nini kinabaki

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la mafunzo ya kompyuta hapa Kisumu huuliza kwa nini programu waliyoipakua wenyewe hutoka kwa kubonyeza "Uninstall", ilhali ile waliyoikuta ndani ya simu mpya haina hata kitufe hicho. Sababu ni mahali programu ilipohifadhiwa. Simu ya Android huwa na sehemu ya mfumo, ambayo kiwanda huijaza kisha kuifunga: simu inaisoma, lakini haiandiki wala kufuta chochote humo. Halafu kuna sehemu ya mtumiaji, ambamo huingia picha, jumbe na programu unazopakua. Programu iliyokuja na simu huwa imewekwa katika sehemu ile iliyofungwa, na hapo kidole chako hakifiki.

Lakini si yote yake yaliyo humo. Kila programu inapojisasisha, toleo jipya haliwezi kuandikwa juu ya lile la kiwandani, kwa hiyo linawekwa katika sehemu yako. Tuseme programu ilikuja ikiwa na MB 60, ikajisasisha hadi ikawa MB 250, na tangu hapo imekusanya MB 100 za data. Zile 60 hutazipata kamwe. Zile 250 na 100 ni nafasi yako, na unaweza kuirudisha leo bila kompyuta wala fundi.

Fungua "Settings", kisha "Apps", uiguse programu yenyewe. Ukibonyeza nukta tatu zilizo juu, katika simu nyingi utaona "Uninstall updates". Simu itauliza kama unakubali kurudisha toleo la kiwandani na kufuta data yote; ukikubali, nafasi inarudi. Baada ya hapo bonyeza "Disable". Onyo litatokea kwamba programu nyingine huenda zisifanye kazi sawasawa. Kwa mchezo, duka la muziki au kivinjari cha pili usichokitumia, endelea bila wasiwasi. Programu iliyozimwa haionekani tena kwenye orodha ya kufungulia, haiamki yenyewe, wala haigusi bando lako. Mimi huwashauri watu wengi waishie hapa, kwa sababu hatua hii inatosha na kuigeuza ni rahisi: rudi ukurasa uleule, bonyeza "Enable".

Ugumu huanza pale "Disable" yenyewe inapofifia isibonyezeke, au unapoizima programu moja huku wenzake wakibaki. Facebook ni mfano mzuri. Katika simu nyingi za Samsung na za makampuni mengine, haiji peke yake. Pamoja nayo huwemo programu ndogo zisizo na alama yoyote kwenye skrini ya mbele: "Meta App Installer", "Meta App Manager" na "Meta Services". Kazi yake ni kuisakinisha na kuisasisha programu kubwa. Mama mmoja muuza samaki wa Dunga alituletea simu aliyokuwa amekwisha kuitoa Facebook. "Mwalimu, mimi hata akaunti sina," alisema, "mbona jina hili bado liko kwenye orodha ya bando?" Tulifungua orodha ya programu, tukabonyeza nukta tatu, tukachagua "Show system". Zote tatu zilikuwepo. Mbili zilikubali kuzimwa papo hapo. "Meta App Manager" ilikataa.

Kwa iliyokataa tulitumia kompyuta na waya wa USB, bila kuvunja kufuli la mfumo. Kwanza nenda "About phone" ubonyeze "Build number" mara saba, hadi simu ikuambie kwamba sasa wewe ni mtengenezaji programu. Katika "Developer options" washa "USB debugging". Kwenye kompyuta, pakua kifurushi cha Google kinachoitwa Platform Tools, unganisha waya, ufungue dirisha la amri ndani ya folda hiyo:

```
adb devices
adb shell pm list packages facebook
```

Amri ya kwanza ikijibu "unauthorized", itazame skrini ya simu: kuna swali linalosubiri ruhusa yako. Ya pili inaorodhesha majina kamili ya kila kinachohusiana na Facebook. Ile iliyotukatalia inaitwa `com.facebook.appmanager`, na hivi ndivyo tulivyoitoa:

```
adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager
```

Jibu lilikuwa "Success". Sehemu ya `--user 0` ina maana kwamba programu imeondolewa kwa mtumiaji mkuu wa simu, lakini faili lake la kiwandani bado limelala katika sehemu iliyofungwa. Ndiyo maana njia hii haiongezi nafasi zaidi ya ile tuliyokwisha kuipata. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kosa linarekebishika:

```
adb shell cmd package install-existing com.facebook.appmanager
```

Iandike amri hii ya kurudisha kwenye karatasi kabla hujaanza, na utoe programu moja tu kwa wakati. Washa simu upya, piga simu, tuma ujumbe, fungua programu ya benki, ndipo uendelee na nyingine. Nasisitiza hili kwa sababu baadhi ya orodha zinazosambazwa mtandaoni huchanganya programu nyingi kwa mkupuo, na zimeandikwa na watu wasioishi Kenya. Ndani ya orodha kama hizo unaweza kukuta `com.android.stk`, ati haina kazi. Hiyo ndiyo inayoonyesha menyu ya laini ya simu, ile ambayo wengi wetu hutumia kutuma pesa kwa M-PESA bila intaneti. Ukiitoa, pesa zako hazijapotea, na *334# bado itafanya kazi, lakini menyu itatoweka na utadhani laini imeharibika. Usiguse pia `com.google.android.gms` wala `com.google.android.webview`, kwa kuwa programu nyingi huzitegemea kimyakimya. Ukiitoa kibodi ya pekee uliyo nayo, hutaweza kuandika neno lolote. Na ukiondoa sehemu ya kiini cha mfumo, simu inaweza kujiwasha na kujizima bila kufika mwisho. Hapo amri ya kurudisha huenda isipate nafasi, na kinachobaki ni kufuta simu yote.

Kazi ikiisha, zima "USB debugging". Ikiachwa wazi, mlango wa amri unabaki kwenye simu yako, na baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka zikiiona.

Kuna aina moja ya programu ambayo hatuitoi hata tukiombwa: ile ya kufungia simu zinazolipiwa kidogo kidogo kila siku. Imepewa mamlaka ya kuisimamia simu, kwa hiyo amri yetu hujibiwa `DELETE_FAILED_DEVICE_POLICY_MANAGER`. Simu hiyo bado ina deni, na kufuli ni sehemu ya mkataba uliokubali. Maliza malipo kwanza. Kama umemaliza na kufuli bado lipo, peleka risiti zako kwa aliyekukopesha alifungue kutoka kwake. Fundi akikuahidi kulitoa kwa kubadilisha mfumo mzima wa simu, fahamu kwamba simu iliyofunguliwa hivyo inaweza kukataliwa na programu za benki, na data yote iliyokuwa ndani itafutwa.

Ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, kila ulichokitoa kitarudi. Sasisho kubwa la Android nalo linaweza kurudisha baadhi. Kwa hiyo baada ya sasisho fungua "Show system" tena uone ni nani amerejea.