Wi-Fi imeunganishwa lakini hakuna intaneti: anza kwa kusoma anwani

Alama ya Wi-Fi imejaa, neno la siri limekubaliwa, lakini chini ya jina la mtandao pameandikwa “Connected, no internet”, au “No internet, secured”, au “Limited connection”. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuandika upya neno la siri. Hiyo ni kazi bure. Neno la siri lingekuwa na kosa, simu isingeunganishwa kabisa. Skrini inasema kwamba safari ya kwanza, kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye ruta, imekamilika kwa upande wa redio. Kilichokwama kiko mbele ya hapo, na mahali pa kukitafuta ni kwenye anwani, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, zilizofichwa nyuma ya jina la mtandao.

Kwanza tuelewe kifaa kinajuaje kwamba hakuna intaneti. Hakikisii. Kila kinapojiunga na mtandao, hutuma ombi dogo kwenye seva ya mtengenezaji na kusubiri jibu linalojulikana. Windows huomba faili liitwalo `connecttest.txt` kutoka `www.msftconnecttest.com`, na hutarajia kukuta humo maneno “Microsoft Connect Test”. Simu za Android kwa kawaida huomba ukurasa wa `generate_204`, ambao jibu lake ni tupu. Jibu lisipokuja, au likija tofauti, onyo huandikwa. Ndiyo maana kwenye mitandao ya wageni, ile inayokutaka ukubali masharti kwanza kwenye ukurasa wake, onyo hutokea hata kama hakuna kilichoharibika: ruta imelizuia ombi na kurudisha ukurasa wa masharti. Fungua kivinjari, kubali masharti, na onyo litaondoka.

Kama hakuna ukurasa wa namna hiyo, nenda kwenye anwani. Kwenye iPhone, fungua Settings, kisha Wi-Fi, na uguse alama ya “i” pembeni ya jina la mtandao. Kwenye Android, gusa alama ya gurudumu kando ya jina, ingawa watengenezaji hawakubaliani pa kuiweka. Kwenye Windows njia fupi ni kufungua dirisha la amri na kuandika `ipconfig`. Utaona mistari mingi. Inayotuhusu ni mitatu: anwani ya kifaa chako, mstari wa Default Gateway, ambao iPhone huuita Router na ndiyo anwani ya ruta, na seva za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye Windows mistari ya DNS huonekana ukiandika `ipconfig /all`.

Sasa tuchukue tatizo moja linaloletwa sana kwenye dawati la msaada wa TEHAMA, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu kuliko mengine. Ofisi ina wafanyakazi 20. Asubuhi kila mmoja anafungua kompyuta na kazi zinaenda. Kufikia saa sita mchana, aliyechelewa kufika anaunganisha kompyuta yake na kuambiwa hakuna intaneti, huku jirani yake wa meza ileile anaendelea kutazama video. Kwenye kompyuta iliyokwama, `ipconfig` inaonyesha hivi:

```
Autoconfiguration IPv4 Address. . : 169.254.73.18
Subnet Mask . . . . . . . . . . . : 255.255.0.0
Default Gateway . . . . . . . . . :
```

Anwani inayoanza na 169.254 ni ushahidi tosha. Hakuna ruta iliyoitoa. Kompyuta imejipangia yenyewe. Kwa utaratibu wa kawaida, kifaa kikishajiunga hupaza sauti kwenye mtandao kuuliza nani anagawa anwani. Huduma ya DHCP, ambayo kwenye ofisi ndogo na majumbani hukaa ndani ya ruta, hujibu kwa kupendekeza anwani moja. Kifaa huiomba rasmi, na ruta huithibitisha. Ni jumbe nne tu, na huchukua muda mfupi mno. Kompyuta ikiuliza na kuuliza bila kujibiwa, hujichagulia namba katika kundi la 169.254 ili angalau iweze kuongea na vifaa vilivyo jirani. Tazama pia mstari wa Default Gateway: mtupu. Kompyuta hiyo haijui hata mlango wa kutokea uko wapi.

Hapa niongeze jambo la kuangalia. Simu nyingi za Android hazitakuonyesha 169.254. Zenyewe hubaki zimeandika “Obtaining IP address” kwa muda, kisha hukata muunganisho. Tatizo ni lilelile, sura tu ndiyo tofauti.

Kwa nini ruta haikujibu mmoja wakati wengine wanaendelea? Ukifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, sehemu ya DHCP, utakuta imepangiwa kugawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149. Hesabu: ni anwani 50. Wafanyakazi 20, kila mmoja na simu na kompyuta, tayari ni vifaa 40. Ongeza printa mbili na runinga ya chumba cha mikutano, zimebaki 7. Wageni waliokuja kikao cha jana walizimaliza. “Lakini wageni walishaondoka!” Ndiyo, ila anwani zao hazijarudi. Ruta hukodisha anwani kwa muda maalumu, na hapa muda umewekwa saa 24. Ni kama nyumba ya wageni ambayo mteja ameondoka na ufunguo: chumba ki kitupu, lakini kwenye daftari kinahesabika kina mtu hadi muda aliolipia uishe.

Simu za siku hizi huongeza uzito. Ruta hutambua kifaa kwa namba yake ya MAC. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huonyesha namba ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, kwa ajili ya faragha. Kwa kawaida namba hiyo hubaki ileile kwa mtandao uleule, hivyo hakuna tatizo. Lakini ikiwekwa kwenye hali ya kubadilika kila mara, ruta huiona simu moja kama mgeni mpya na kuikodisha anwani nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha muda.

Dalili za upungufu huu ni rahisi kuzitambua. Waliounganishwa mapema hawaguswi. Wanaokuja baadaye ndio wanaokwama. Mmoja akiondoka kwenye mtandao, aliyekwama haponi papo hapo. Na ukizima ruta na kuiwasha, kila mtu anapata, kisha kesho mchana tatizo linarudi palepale. Kuzima na kuwasha kunasaidia kwa sababu ruta nyingi ndogo hupoteza daftari la ukodishaji umeme unapokatika. Si tiba, na kuna wakati huleta kero mpya: ruta iliyosahau inaweza kumpa mgeni anwani ambayo printa bado inaitumia, na vifaa viwili vikaanza kugongana.

Tiba iko kwenye ukurasa uleule wa DHCP. Angalia kwanza orodha ya vifaa vilivyopewa anwani; ikiwa imejaa 50, umethibitisha. Panua wigo wa kugawa, kwa mfano kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250, upate anwani 201. Punguza muda wa ukodishaji hadi saa 2 kama wageni ni wengi. Vifaa vilivyopo havitasumbuliwa, kwa kuwa kila kimoja huomba kuongezewa muda chenyewe kabla haujaisha. Printa zipewe anwani za kudumu nje ya wigo huo. Kisha, kwenye kompyuta iliyokwama, omba anwani upya:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
```

Ikirudi na 192.168.1 ya kitu fulani, na Default Gateway ikawa 192.168.1.1, kazi imekwisha.

Je, kama kifaa kimoja pekee ndicho kina 169.254 na orodha ya ruta haijajaa? Basi tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya kifaa chenyewe. Ondoa mtandao huo kwenye kumbukumbu yake na ujiunge upya, au zima kwa muda programu ya usalama inayochuja mawasiliano.

Hali ya pili ni anwani kuwa nzuri na onyo kubaki. Una 192.168.1.112, una lango, lakini hakuna kinachofunguka. Hapo ruta imetimiza wajibu wake kwako, na swali ni safari imekatikia wapi. Jaribu hatua tatu, kwa mpangilio huu:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
nslookup wikipedia.org
```

Amri ya kwanza inauliza ruta, ya pili inauliza seva iliyoko nje, ya tatu inaomba jina ligeuzwe kuwa namba. Ruta ikijibu na ya nje isijibu, mara nyingi kikwazo kiko kati ya ruta na mtoa huduma: kifurushi kimeisha au laini imekatika. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utazame anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaoelekea kwa mtoa huduma; ikiwa 0.0.0.0, ruta yenyewe haijapewa kitu, na hakuna utakachobadilisha kwenye simu yako kitakachosaidia. Ya nje ikijibu lakini jina lisigeuke, tatizo ni DNS. Mara nyingi nimekuta mtu aliwahi kuandika seva ya DNS kwa mkono akasahau. Tahadhari moja: baadhi ya mitandao ya ofisi huzuia `ping` kwa makusudi, kwa hiyo kimya peke yake kisikufanye uihukumu ruta. Linganisha na kifaa kingine kilicho kwenye mtandao huohuo.

Kulinganisha huko ndiko kunakoibua kosa ambalo macho hulipita. Kompyuta inaonyesha anwani 192.168.0.25 na lango 192.168.0.1. Mistari yote imejaa, hakuna 169.254, na mtu anaapa kila kitu kiko sawa. Simu ya jirani yake inaonyesha 192.168.1.118 na lango 192.168.1.1. Tazama namba ya tatu: 0 kwa mmoja, 1 kwa mwingine. Kompyuta ilipangiwa anwani ya kudumu kwenye mtandao wa zamani, na sasa inatafuta lango ambalo halipo hapa. Redio imeunganishwa, lakini kila inachotuma kwenda nje hakimfikii mtu. Fungua mipangilio ya mtandao huo, sehemu ya IP assignment, badilisha Manual iwe Automatic (DHCP), kisha hifadhi. Kompyuta itaomba anwani upya, na namba ya tatu itasomeka 1.