Waziri hawezi kuivunja kaunti

"Kaunti ikikorofishana na Nairobi, waziri si anaivunja tu na kutuma watu wake?"

Hapana. Dhana hiyo ni ya enzi za mabaraza ya zamani: mwaka 1983 serikali iliwaondoa madiwani wa Nairobi, na tume ya kuteuliwa ikaendesha jiji hadi 1992. Katiba ya 2010 ilifunga mlango huo. Kifungu cha 192 kinampa Rais, si waziri, uwezo wa kuisimamisha kaunti, tena, isipokuwa katika dharura ya vita au mapigano ya ndani, baada ya tume huru kuchunguza na Seneti kuidhinisha. Usimamishaji hauzidi siku 90, kisha wananchi hupiga kura upya.

Makueni inaonyesha vizuri. Gavana na wawakilishi wadi walizozana hadi risasi zikafyatuliwa mwaka 2014, wakazi wakaomba kaunti ivunjwe. Tume ikachunguza, ikapendekeza isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Kenyatta akakataa, na kaunti ikaendelea na viongozi wake.

Waziri wa Fedha ana rungu dogo: kaunti ikikiuka sheria za fedha vibaya, anaweza kuizuilia fedha, lakini si zaidi ya nusu, na Bunge lisipoidhinisha ndani ya siku 30, uamuzi huo unakufa.