Tiki ya bluu haikuambii kama ana mke

Ninafanya ushauri wa usalama wa mitandaoni hapa Dar es Salaam. Wanaonijia kuhusu programu za kutafuta wachumba wengi wao ni watu wazima wenye haya, wanaotaka ndoa na si mchezo. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Huyu ana tiki ya bluu, si ndiyo kahakikiwa?"

Kilichohakikiwa ni uso. Kwenye Tinder, kwa mfano, mtu anajirekodi selfi ya video, kisha mfumo unaulinganisha uso huo na picha alizoweka kwenye wasifu wake. Zikifanana, tiki inatoka. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya tapeli anayetumia picha za kuiba, na mimi humwambia mteja asihangaike na asiye nayo. Lakini kazi aliyoiandika, mji anakoishi, mke na watoto, hayo tiki haiyagusi kabisa.

Sasa, kuwa na haya kuna mtego wake. Mtu mwenye haya akimpata mwenzake asiyemsukuma wapigiane simu, anashukuru. Wanachati mwezi, wanachati wa pili. Tapeli naye anataka hivyo hivyo: kila siku ana sababu, leo mtandao mbovu, kesho kamera imeharibika. Mwenye haya halalamiki, kwa kuwa na yeye alikuwa akiiogopa hiyo kamera. Kwa hiyo nawaomba wateja wangu wapange simu ya video ndani ya wiki mbili za kwanza, na waseme mapema: "Mimi nina haya, naomba dakika tano tu." Dakika tano zinavumilika, na zinatosha kumwomba ageuze uso pembeni au apitishe mkono mbele yake. Sura bandia za kompyuta mara nyingi huvurugika hapo, ingawa zinaboreshwa kila siku.

Simu hiyo ipigwe ndani ya programu yenyewe kama inaruhusu, Bumble inaruhusu. Namba yako usiitoe kwanza. Hapa kwetu mwenye namba yako anaweza kuanza kukutumia pesa kwa simu, akasoma jina la usajili kabla ya kuweka namba ya siri, kisha akaghairi. Kwa kuwa laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, jina hilo huwa lako kamili. Umejificha kwa jina la utani wiki tatu, na mwenzako amekufahamu kwa sekunde kumi.

Njia hiyo hiyo ni yako pia, akikupa namba yake. Jina lisipofanana, usimhukumu papo hapo, maana wapo wanaotumia laini ya dada au ya ofisini. Muulize, umsikilize anavyojibu.

Dada mmoja, mhasibu wa miaka 34, aliyapita yote hayo na mwanamume aliyempata mtandaoni. Tiki ilikuwepo. Kwenye video uso ulikuwa wake, na jina kwenye simu lilikuwa lake. Nilimwomba aniandikie saa za mawasiliano yao kwa wiki mbili. Simu zote zilikuwa kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Jumamosi na Jumapili hakuna kitu, na usiku meseji hazikusomwa mpaka kesho yake.

Hakuna programu inayokagua kama mtu ana mke nyumbani. Hata kutafuta cheti cha ndoa hakutoshi, kwa sababu ndoa nyingi za kimila na za dini hazijafika kwenye daftari la serikali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze, lakini hapo moyo umeshazama na mahari pengine imeshapokelewa. Kinachofanya kazi mapema ni ndugu. Nilimwambia mteja wangu amwombe mwanamume huyo kitu kidogo: amuunganishe kwa simu na dada yake amsalimie, Jumapili jioni. Anayetafuta mke kwa dhati hufurahi kuombwa hivyo, na mwenye haya hapati tabu sana kusema "shikamoo, wifi" kwa dakika moja.

Mwanamume akaahidi. Jumapili ya kwanza dada yake alikuwa safarini, ya pili alikuwa mgonjwa. Ya tatu mteja wangu alipiga mwenyewe saa mbili usiku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waanze. Alipokea mwanamke, akauliza kwa adabu, "Nimwambie baba watoto nani kapiga?"