Je, wajua 12, 3 na 2 za momenti ya inesha zinatoka wapi?

Ufito ukizungushwa katikati tunaandika ML²/12, ukizungushwa kwenye ncha tunaandika ML²/3, na diski ni MR²/2. Kwa nini namba zinabadilika hivyo?

Kwa sababu kila chembe ya tungamo inahesabiwa kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Chembe iliyo mbali mara mbili ni ngumu kuizungusha mara nne. Momenti ya inesha, yaani I, ni tungamo lote likizidishwa kwa wastani wa miraba hiyo, na integrali ni njia tu ya kuupata wastani huo.

Tuchukue nondo ya urefu wa mita 1.2 na kilo 1.5, unene wake kama milimita 14. Ni sawasawa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila mita ina tungamo M/L. Kipande chenye urefu dx kina tungamo dm = (M/L)dx. Mhimili ukipita katikati na kusimama wima juu ya nondo, x inaanzia −L/2 hadi L/2:

```
I = (M/L) ∫ x² dx = (M/L) · [x³/3] = ML²/12
```

Ukiuhamishia mhimili kwenye ncha, kinachobadilika ni mipaka peke yake: sasa ni 0 hadi L, na jibu ni ML²/3. Kwa nondo yetu tunapata 0.18 kg·m² katikati na 0.72 kg·m² kwenye ncha. Nondo ni ileile, lakini kwenye ncha inadai nguvu ya kuzungusha mara nne ili ishike kasi kwa mwendo uleule. Ukipata ML²/24 kwa mhimili wa katikati, ujue umeanza 0 ukaishia L/2, ukasahau nusu ya pili.

Kosa linalowanasa wengi ni jingine. Mtu husema: kitovu cha tungamo kiko L/2 kutoka kwenye ncha, basi I ni M(L/2)², yaani ML²/4. Huo ni mraba wa wastani wa umbali, nasi tunataka wastani wa miraba. Pengo kati ya ML²/3 na ML²/4 ni ML²/12 kamili, ileile momenti ya katikati, na hapo ndipo kanuni ya mihimili sambamba inapozaliwa.

Hili unaweza kulipima. Itundike nondo kwenye msumari karibu kabisa na ncha, ivute kidogo pembeni, uiachie ibembee. Muda wa mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, ni:

```
T = 2π √( I / (M·g·L/2) )
```

Ukitumia ML²/3, mibembeo 10 inachukua takribani sekunde 17.9. Ukitumia ML²/4, hesabu inakwambia 15.5. Tofauti ya zaidi ya sekunde mbili hata saa ya simu inaiona.

Sasa diski, mhimili ukipita kitovuni na kusimama wima juu ya uso wake. Hapa usikate vipande vya mraba, kata pete. Pete yenye nusukipenyo r na upana dr ina eneo 2πr dr, na chembe zake zote ziko umbali mmoja kutoka kwenye mhimili, jambo linaloturahisishia kazi. Eneo lote ni πR², kwa hiyo:

```
dm = (2M/R²) r dr
I = (2M/R²) ∫ r³ dr = MR²/2     (r kutoka 0 hadi R)
```

Ile r ndani ya dm ndiyo roho ya hesabu. Pete za nje ni ndefu, kwa hiyo zina tungamo kubwa kuliko za ndani. Nusu ya tungamo lote iko nje ya 0.71R. Anayeandika dm = (M/R)dr ameigeuza diski kuwa ufito, na atapata MR²/3. Kabla ya kuendelea, fanya integrali ya dm peke yake: lazima itoe M. Hiyo (M/R)dr, kwa bahati mbaya, nayo inatoa M, kwa hiyo jaribio hili halitamfichua. Linakamata namba iliyokosewa, si umbo lililokosewa. Dawa ni kuuliza: pete ya ukingoni ina eneo sawa na ya karibu na kitovu?

Diski ya kilo 8 na nusukipenyo mita 0.25 ina 0.25 kg·m². Ikiwa ina tundu la ekseli lenye nusukipenyo a, integrali inaanzia a, na eneo ni π(R² − a²). Jibu ni M(R² + a²)/2. Alama ni ya kujumlisha, na wengi huifuta wakidhani wamekosea. Lakini M hapa ni tungamo lililobaki: diski nyingine ya kilo 8 zilezile yenye tundu la a = 0.05 ina 0.26 kg·m², kwa kuwa hakuna tena chembe iliyokaa karibu na mhimili.