Kinachomaliza mega ni masasisho, si mechi

"Intaneti ya nyumbani ikikatika hapa Goma, nikiunganisha PS4 kwa hotispoti ya simu, si mechi moja itamaliza mega zote?"

Hapana, ndugu yangu. Picha hutengenezwa na mashine yako yenyewe; mtandaoni hupita taarifa ndogo tu: nani yuko wapi, nani kapiga mpira. Saa nzima kwa kawaida hula kati ya MB 40 na 150.

Hatari ni masasisho ya GB kadhaa yanayojipakua kimyakimya. Kabla ya kuunganisha, ingia Settings, System, Automatic Downloads, uzime yote. Baada ya mechi ya kwanza tazama matumizi ya hotispoti kwenye simu. Yakionyesha GB 1, kuna kitu kinapakuliwa: kisimamishe. Mchezo ukikwamakwama, mara nyingi lawama ni za mawimbi, kwa hiyo jaribu kusogeza simu dirishani.