Ridhaa ya kurekodiwa: fomu inasema nini, mhusika ameelewa nini

Watu wa makala za filamu huyachanganya maneno matatu: kibali, idhini na ridhaa. Kibali hutoka serikalini. Kwa Tanzania, cha kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu. Idhini ni ruhusa ya mwenye mahali, kama mganga mkuu anayekufungulia mlango wa wodi. Ridhaa ni ya mtu atakayeonekana kwenye picha, na hakuna anayeweza kuitoa kwa niaba yake akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Mganga mkuu akisema "wagonjwa wangu hawana shida, rekodini tu", ametoa idhini. Ridhaa bado haijaombwa.

Tuchukue mwanamke wa miaka 24 aliyelazwa kwa fistula ya uzazi. Uchungu ulimshika siku mbili nyumbani, mtoto akafia tumboni, na kichwa cha mtoto kilichokandamiza muda mrefu kikaharibu nyama iliyo kati ya kibofu na uke. Likabaki tundu, na mkojo unatoka wenyewe. Kijijini kwao wanajua amekwenda hospitali kwa "tumbo". Anasubiri upasuaji, na nyinyi mnatengeneza makala kuhusu ugonjwa huo huo.

Kosa la kwanza huwa ni nani anauliza. Akiuliza muuguzi, mgonjwa anamsikia mtu anayeshika faili lake na zamu yake ya upasuaji, na "sawa, dada" atakayojibu ni adabu tu. Aulize mtu wa filamu, muuguzi akiwa ametoka, na jambo la kwanza kumwambia liwe kwamba matibabu yake hayabadiliki akikataa. Kama Kiswahili chake ni cha kubahatisha, tafuta mkalimani asiye ndugu yake wala mtu wa kijijini kwao. Siku ya kwanza msiingie na kamera. Mwelezeni, ondokeni, rudini kesho yake; usiku mmoja unatosha mtu kuwaza yale aliyoona haya kuuliza mbele yenu. Asubuhi ya upasuaji, au dawa ya usingizi ikiwa bado haijamtoka, msimuulize lolote.

Pesa nayo ina utaratibu wake. Kama mnatoa nauli na chakula, kiwango kiwe kimoja kwa anayekubali na anayekataa, na apewe kabla ya kuulizwa. Bahasha ikikaa mezani ikisubiri fomu ijazwe, mmeshanunua jibu.

Ili kujua kama ameelewa, usimuulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Mwambie akueleze yeye: filamu hii ataiona nani? Kijijini wakiiona, nini kitatokea? Ukibadili nia, unafanyaje? Akijibu la kwanza kwa kusema "madaktari wa huku", hajaelewa kwamba itakuwa mtandaoni, na shemeji yake mwenye simu ataipata. Hapo rudini mwanzo, na ikibidi mfungulieni simu aone makala nyingine inavyotokea pamoja na maoni ya watu chini yake.

Sasa fomu yenyewe. Nyingi zimetafsiriwa kutoka mikataba ya waigizaji, na husomeka hivi: "Natoa haki zote za picha na sauti yangu, duniani kote, milele, kwa vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa, bila uwezo wa kubatilisha." Maneno hayo yana sababu: vituo vya televisheni na kampuni za bima hutaka uhakika kwamba filamu waliyoinunua haitazuiwa na mtu mmoja. Lakini kwa mama huyu yanamaanisha uso wake unaweza kuishia kwenye bango la kuomba michango, au kuuzwa vipandevipande kwa filamu nyingine asiyoijua. Mnunuzi anachohitaji ni haki ya filamu hii. Mabaki yasiyotumika hayamhusu.

Kwa hiyo panua palipo lazima, bana panapowezekana. Mfano:

"Nimekubali kurekodiwa kwa ajili ya makala hii na kionjo chake tu. Inaweza kuonyeshwa kwenye televisheni, ukumbini na mtandaoni, nchi yoyote, bila kikomo cha muda. Picha zangu hazitatumika kuomba michango wala kutangaza biashara, na hazitauzwa kwa filamu nyingine. Uso wangu na jina langu havitaonyeshwa. Naweza kujitoa bila kueleza sababu mpaka tarehe ____, siku uhariri utakapofungwa. Baada ya hapo nikiomba, watengenezaji wataiondoa kwenye kurasa zao, ila hawawezi kuzirudisha nakala zilizokwisha kusambaa."

Sentensi ya mwisho huwatia wengi hofu, wakaifuta. Ibaki. Bila hiyo mnamwahidi kitu msichoweza kukitimiza. Tarehe nayo iandikwe kwa tarakimu. "Kabla ya uhariri kufungwa" ni lugha ya studio, kwake haina siku. Sheria zinaelekea huko pia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 32, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote na kumtaka aliyechukua taarifa athibitishe kwamba ridhaa ilikuwepo, ingawa ina nafuu zake kwa kazi za uandishi wa habari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fomu ya "milele, bila kubatilisha" si ngao nene kama inavyodhaniwa.

Asiyejua kusoma asomewe fomu nzima kwa sauti, kisha aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Mnaweza pia kurekodi sauti yake akieleza alichokubali; mara nyingi hiyo ni ushahidi mzito kuliko dole.

Mkishaandika "uso hautaonyeshwa", kazi inahamia kwenye kamera. Kuweka ukungu usoni wakati wa kuhariri ni njia dhaifu, maana picha safi ya uso imekwisha kulala kwenye kadi na diski, na inaweza kuvuja. Rekodini tangu mwanzo bila uso: mikono, kisogo, kivuli ukutani. Mkimweka mbele ya dirisha awe mweusi tii, punguzeni mwanga hadi uso upotee kabisa, kwani giza la nusunusu hufunuka mtu akiongeza mwanga kwenye kompyuta. Sauti iliyofanywa nzito kwa mashine inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Ni salama zaidi mtu mwingine asome maneno yake.

Halafu kuna kanga. Kisogo kimefichwa vizuri, jina halikutajwa, ila begani kuna kanga yenye maandishi yanayosomeka, ileile aliyoivaa kwenye harusi ya binamu yake. Kijijini hawahitaji uso. Mpeni shuka ya hospitali, angalieni kovu, pete na kibao cha kitanda, kisha sikilizeni sauti ya nyuma: muuguzi akiita jina lake katikati ya mahojiano, mmeshamtaja.

Kabla ya kufunga uhariri, mwonyesheni sehemu yake. Yeye ataona vitu ambavyo mhariri hawezi kuviona, kama mlango wa nyumba ya jirani au mtoto wa dada yake akipita nyuma.

Nakala ya fomu ni haki yake, ila msimpe kabla ya kumuuliza ataiweka wapi. Karatasi yenye neno "fistula" na dole lake, ikikutwa na mume kwenye pochi, inafichua kila kitu ambacho kamera ilikificha. Akitaka, fomu ibaki kwenu kabatini, yeye achukue kadi ndogo yenye namba ya simu na jina la mradi lisilotaja ugonjwa, na simu hiyo apokee mtu anayejua kutosema chochote mpaka ahakikishe anaongea na nani.